Karatasi imesema mbegu chache, ukoo unasema sina nguvu za kiume

Asalaam aleikum mshauri. Nina miaka 33, naishi Ngamiani hapa Tanga, kazi yangu ni kuoka mikate. Naingia kwenye tanuri saa nne usiku, natoka alfajiri. Nimeoa, huu mwaka wa tatu, mke wangu ana miaka 28 na hatujajaaliwa mtoto. Kitandani sikuwa na tatizo, mke wangu mwenyewe ni shahidi.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kupima mbegu kwa siri. Sampuli niliitoa nyumbani kwa mkono na mafuta ya mtoto, za mwanzo zikamwagika, halafu nikapitia kazini, hivyo maabara nikafika baada ya kama saa mbili. Mwezi mmoja na siku kadhaa kabla ya hapo nilikuwa nimeugua malaria kali. Karatasi imeandikwa: ujazo mililita 1.2, mbegu milioni 8 kwa mililita, zinazotembea asilimia 15. Mhudumu akaniambia, "Mbegu zako dhaifu, katafute dawa ya nguvu." Tangu siku hiyo uume unasimama nusu, nikitaka kuingia unalala.

Mke wangu hajui habari ya karatasi. Ila habari ya kulala alimweleza somo wake, na sasa imefika kwa mjomba wake. Mjomba anasema mume asiye na nguvu za kiume, mke ana haki ya kuachwa. Mama yangu anataka nioe wa pili ili ijulikane mwenye kasoro ni nani. Rafiki kaniletea vumbi la Kongo, na duka moja la dawa wananiambia nikipigwa sindano tatu za homoni ya kiume mbegu zitajaa. Nianze na lipi? Na mke wangu nimwambie?

Muokaji, Ngamiani

---

Waaleikum salaam kaka yangu. Kabla ya mjomba, mama na vumbi, ichukue ile karatasi uisome tena mstari kwa mstari. Hutakuta mahali popote ilipopima kusimama. Maabara walichukua tone la manii, wakaliweka chini ya darubini, wakahesabu mbegu na kutazama ngapi zinaogelea. Habari ya nguvu aliiongeza mhudumu kwa mdomo wake, na tangu hapo kila mtu anajibu swali ambalo hakuna aliyelipima.

Wewe ni muokaji, kwa hiyo nitasema hivi: anayeoka ni mmoja na anayesambaza mikate kwa baiskeli ni mwingine. Baiskeli ikipata pancha tanuri halizimiki, na baiskeli nzima inaweza kuzunguka barabara zote za Ngamiani na kapu tupu. Mbegu hutengenezwa ndani ya korodani, polepole, kwa amri ya homoni zinazotoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Mbegu moja huchukua kama siku 72 hadi 74 mpaka ikamilike, kisha wiki moja au mbili nyingine ikipita kwenye mrija uliojikunja nyuma ya korodani kabla haijawa tayari. Kusimama ni kazi ya dakika chache, ya mishipa ya fahamu na mishipa ya damu. Ukipata hamu, mishipa ya fahamu hutoa ishara, mishipa ya damu ya uume hulegea na kupanuka, damu inajaa, na kule kujaa kwenyewe kunabana njia ya damu kutoka. Katika kazi hiyo mbegu hazimo kabisa.

Ukitaka ushahidi, mtazame mwanaume aliyefunga uzazi. Mirija ya kupitisha mbegu imekatwa, mbegu kwenye manii yake ni sifuri, na bado uume unasimama kama zamani na manii yanatoka karibu kiasi kilekile. Sababu ni kwamba sehemu kubwa sana ya manii ni majimaji ya vifuko vilivyo nyuma ya kibofu na ya tezi dume. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo mno ya ule ujazo, huwezi kuziona wala kuzihisi. Ndiyo maana supu ya pweza, alkasusu, au muhogo mbichi na nazi haviwezi kukuambia lolote kwa kufanya manii "yawe mazito". Supu ya pweza ni chakula kizuri, inywe ukiipenda. Uzito wa manii si idadi ya mbegu.

Sasa hili la kulala, ambalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi wa mchana. Ulikuwa mzima mpaka siku uliyosoma karatasi, na kasoro ikaanza siku hiyohiyo. Idadi ya mbegu haikushuka siku ile, ilikuwa hivyo tangu wiki za nyuma wakati mkeo ni shahidi wako. Kilichobadilika ni hofu. Mtu akiingia kitandani kama anaingia kwenye mtihani, mwili unamwaga adrenalini, na adrenalini inabana mishipa ileile ya damu inayotakiwa kulegea. Ikishindikana mara moja, mara ya pili unakuja na hofu maradufu.

Jiulize mambo mawili. Je, ukiamka usingizini unakuta umesimama? Kwa kuwa wewe unalala mchana, usitafute alfajiri, tazama pale unapoamka. Je, ukiwa peke yako, bila wazo la mtoto wala mjomba, unasimama imara? Kama majibu ni ndiyo, mishipa yako inafanya kazi na tatizo liko kwenye woga. Kama ni hapana kotekote, na imekuwa ikipungua kidogo kidogo, basi usiishie kwa mshauri: pima sukari na presha, na umweleze daktari dawa unazotumia. Uume kushindwa kusimama wakati mwingine ndiyo dalili ya kwanza ya kisukari au mishipa ya moyo iliyoanza kuziba. Na kama hata hamu yenyewe imekufa, korodani zimekuwa ndogo na laini, au ndevu zinapungua, hapo homoni ya kiume inaweza kuwa imeshuka, nayo hupimwa kwa damu ya asubuhi. Hiyo ni mojawapo ya hali chache ambamo mambo haya mawili hukutana kwa mtu mmoja. Kwa ulivyoandika sioni dalili zake kwako, lakini anayegusa na kupima ni daktari.

Turudi kwenye karatasi, maana ina mengi ya kuhojiwa. Viwango vya chini ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 2021 ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, jumla milioni 39 kwa mkupuo mmoja, na zinazotembea asilimia 42. Wewe una mililita 1.2 mara milioni 8, jumla milioni 9.6. Ni chini, sitakuficha. Lakini sampuli yenyewe ilipata misukosuko mitatu, na kila mmoja umeacha alama yake mahali tofauti.

Matone ya mwanzo ndiyo yanayobeba mbegu nyingi kuliko yanayofuata. Ulipomwaga yale, ulimwaga ujazo na pia ulimwaga mbegu, kwa hiyo milioni 8 kwa mililita inaweza kuwa imehesabiwa kwenye masalio. Mafuta ya mtoto na ile safari ya saa mbili havipunguzi idadi, mbegu iliyokufa bado inahesabika. Vinachoweza kupunguza ni mwendo, na hiyo asilimia 15 siwezi kuiamini hata kidogo. La tatu ni malaria. Homa kali inavuruga utengenezaji wa mbegu, na kwa kuwa mbegu moja inachukua zaidi ya miezi miwili kukamilika, hasara ya homa huonekana kwenye kikombe wiki kadhaa baadaye, wakati wewe umeshapona na umesahau. Ulipima katikati ya kipindi hichohicho.

Pengine ukirudia bado zitakuwa chache. Hata hapo ujue kile kiwango cha milioni 16 kilipatikanaje: walipimwa wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na watano katika kila mia ya hao, wenye watoto kabisa, walikuwa chini yake. Mbegu chache hufanya mimba ichelewe, haziizuii moja kwa moja. Mlango unafungwa kweli zinapokuwa sifuri, na hata sifuri ina aina mbili, ya korodani kutotengeneza na ya mirija kuziba.

Kipimo cha pili basi. Tangu uugue zimepita kama wiki nane, kwa hiyo subiri mwezi mmoja na nusu hivi ili miezi mitatu itimie. Kabla ya siku yenyewe kaa bila kutoa manii kwa siku 2 hadi 7, tatu au nne zinatosha. Usijizuie wiki mbili ukidhani unajaza akiba, kwani mbegu zilizokaa sana huchoka na nyingine hufa. Kojoa kwanza, nawa mikono na uume, jikaushe, halafu toa manii yote ndani ya kikombe ulichopewa na maabara, chenye mdomo mpana. Usitumie mafuta, sabuni wala mate. Tone la mwanzo likikosa kikombe, mwambie mtu wa maabara aandike, au rudi siku nyingine. Bora utolee palepale maabara. Ikiwa lazima iwe nyumbani, andika saa uliyotoa, kikombe kikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kisipate jua wala barafu, na kifike ndani ya nusu saa, isizidi saa moja.

Najua pia kwamba kujichua kunawasumbua dhamira vijana wengi wa pwani. Wapo wanaotumia kondomu ya kawaida wakaimimina kikombeni, na hapo kipimo kimeharibika, kwa sababu kondomu hizo huathiri mbegu. Kuchomoa wakati wa tendo nako kunapoteza yale matone ya mwanzo. Mkono wa mkeo ni njia ambayo maabara haina pingamizi nayo. Lakini hapo, kaka yangu, itabidi awe anajua.

Wakati unasubiri, nenda kwa daktari akupapase. Kwa Tanga pa kuanzia ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo. Atatafuta hasa mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, mara nyingi upande wa kushoto, inayojaa ukisimama na kupungua ukilala. Hiyo ni kasoro inayokutwa sana kwa wanaume wenye mbegu chache, na ikiwa inaonekana wazi inaweza kufungwa kwa upasuaji. Atatazama kama kuna maji yanayoanza kujaa, maana ukanda wetu mabusha tunayafahamu. Busha kubwa linaweza kuzipa korodani joto na hata kuufunika uume, bila yule mtu kuwa ameishiwa chochote. Akuulize pia kama uliwahi kupata matubwitubwi ukubwani yakashuka hadi korodani.

Na umwambie kazi yako. Korodani zinaning'inia nje kwa sababu zinahitaji ubaridi wa nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili. Wewe unasimama mbele ya tanuri usiku kucha. Sijui kama utaweza kubadili kazi, na sikushauri uiache kwa karatasi ya sampuli iliyomwagika. Lakini kubadilishana zamu ili usiwe wewe wa mdomo wa tanuri kila siku, suruali pana, na kutoka nje kila baada ya kundi moja la mikate kuiva, hayo yanawezekana. Faida yake usiitafute kabla ya miezi mitatu. (Baiskeli wala usiiogope. Ingekuwa inamaliza mbegu, Tanga hii isingekuwa na watoto.)

Sindano ya homoni ndiyo inayonitisha zaidi. Inasikika kama jambo la akili: homoni ya kiume, mbegu za kiume. Mwili unafanya kinyume. Ile tezi ya chini ya ubongo ikiona testosteroni imejaa kwenye damu, inaacha kutuma amri kwa korodani. Korodani zinasinyaa na mbegu zinaweza kushuka hadi sifuri, na kurudi kwake ni suala la miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka. Utajisikia una nguvu huku kapu linakauka. Ukishachomwa hata moja, mweleze daktari kabla hajapima chochote.

Vumbi la Kongo ni suala jingine. Huwezi kujua ndani yake kuna nini, na dawa nyingi za aina hiyo zinazouzwa nchi mbalimbali zimekutwa zimechanganywa na sildenafili, ile ya viagra, kwa kipimo asichokijua hata muuzaji. Sildenafili inasaidia kusimama na haiongezi mbegu hata moja. Ikikutana na dawa za moyo za nitrati inaweza kushusha presha hadi kuua. Daktari akiona woga umekuganda, anaweza kukuandikia kwa kipimo kinachojulikana, kwa muda, ili kuvunja ule mzunguko wa hofu. Baadhi ya wanaume hawahitaji hata hiyo: wanakubaliana na wake zao wiki mbili tatu za kushikana na kupapasana bila kuingia kabisa, mtihani unafutwa, na kusimama kunarudi kwenyewe.

Kuna hesabu nyingine ambayo hukuitaja. Unatoka kazini alfajiri, mkeo anaamka. Mnakutana mara ngapi kwa wiki, na siku zipi? Mimba hushika kwenye siku kama sita tu kila mwezi, siku tano za kabla ya yai kutoka na siku yenyewe. Kwa mwanamke wa mzunguko wa siku 28, hizo ni takribani siku ya 9 hadi ya 14 kuanzia siku ya kwanza ya damu. Mtu mwenye mbegu chache akikosa siku hizo kwa sababu ya zamu, miaka mitatu inapita upesi. Kila baada ya siku moja katika kipindi hicho inatosha. Na mkeo naye hajapimwa. Mirija yake ya uzazi inaweza kuwa imeziba na hakuna anayejua, kwa sababu kila jicho liko kwako.

Hilo linatufikisha kwenye swali lako la mwisho. Ukimficha, unabaki na kitanda ambacho wewe unaogopa na yeye hajui unaogopa nini, na pengo hilo analijaza kwa maneno ya somo. Hata hivyo ukimwambia leo "mimi ni mgumba," utakuwa umempa habari isiyo sahihi, na inaweza kufika kwa mjomba kabla ya magharibi. Kati ya hapo kuna njia: kumweleza kwamba ulipima, kwamba kipimo kilikwenda kombo, kwamba kinarudiwa na yeye pia apime, na kumwomba mlibakize chumbani mpaka karatasi ya pili. Unamjua wewe. Je, alikwenda kwa somo kukusema, au alikwenda kutafuta msaada kwa mtu pekee aliyefundishwa kumwendea?

Mjomba yeye anachanganya mambo mawili hata kwa mizani yake mwenyewe. Fiqhi ya Shafi inamzungumzia mume asiyeweza kabisa kumwingilia mkewe, nayo humpa mwaka mzima kabla ya ndoa kuvunjwa. Kuchelewa kupata mtoto ni mlango mwingine kabisa. Sheikhe mnayemwamini anaweza kuwaeleza, kama mtaamua kwenda.

Shauri la mama linaeleweka kwa mzazi, ila tazama lingekupa jibu gani. Wa pili akichelewa, utakuwa na wake wawili na karatasi ileile. Wa pili akishika mimba, bado haitathibitisha kwamba wa kwanza ni tasa, kwa sababu mbegu chache ni suala la bahati na muda. Na ule woga wa kitandani utahama nawe hadi nyumba ya pili.

Karatasi ya pili ikija na idadi iliyo karibu na milioni 16, mna nafasi ya kuendelea kujaribu kwa kupanga siku, na umri wa mkeo unawaruhusu. Ikija chini ya milioni 10 kwa sampuli safi, omba kipimo cha damu cha homoni, na daktari wa njia ya mkojo na uzazi wa kiume. Ikija sifuri, hakikisha maabara wamezungusha manii kwenye mashine na kutafuta tena kwenye mashapo ya chini kabla hawajaandika hivyo, kisha uulize rufaa ya KCMC Moshi au Muhimbili. Huko wataangalia ni ile sifuri ya mirija au ya korodani, na kwa baadhi mbegu hutolewa korodanini moja kwa moja na kudungwa ndani ya yai maabara, ambapo yai moja linahitaji mbegu moja tu. Gharama yake ni kubwa, kwa hiyo iulizeni mkiwa wawili.